Salamu za pole kwa Dada Neema

Dada Neema,

Shikamoo, dada yangu, na pole.

Juzi habari zilipotufikia niliandika kwenye grupu la ofisi yale yale tuliyoandika wote: pole sana, kazi ya Mungu haina makosa, Mungu akutie nguvu katika kipindi hiki kigumu. Usiku nikayasoma tena, nikaona Mzee wako hayumo ndani yake hata kidogo. Ningeweza kuyatuma kwenye msiba wowote. Ndiyo maana nakuandikia upya, na safari hii ni wewe peke yako.

Mzee nilimwona mara moja tu. Ilikuwa mwaka jana, msimu wa zabibu wa mwezi wa tatu, alipokuja kutoka Mpunguzi na ile ndoo nyeupe kaifunika kwa majani ya mzabibu. Alianza na mlinzi getini, "Mbukwenyi!", akaingia masijala, akapita meza kwa meza. Nilimsogezea kiti, akakataa kukaa mpaka amalize kusalimia watu. Mimi mtu wa Tanga sikujua kuitika, basi akasimama pale mezani kwangu akanifundisha, akarudia mara tatu bila haraka, kana kwamba hana basi la kuwahi. Mpaka leo nikiisikia salamu hiyo sokoni Majengo, sauti ninayoisikia ni yake.

Halafu akachagua kichala kimoja, akatoa kwa ukucha punje mbili zilizopasuka, akakipanguza kwa kiganja, ndipo akanipa. Wewe ulikuwa kwenye kikao. Uliporudi alikuita "mama", mimi nikashangaa, naye akanieleza kwamba ulirithi jina la mama yake mzazi na kwamba tangu ulipozaliwa hakuwahi kukuita vinginevyo. Jana nimekaa nikalifikiria neno lile, jinsi alivyolivuta mwishoni, na kwamba sasa hatakuita tena. Nililia, dada. Sina la kukuambia hapo zaidi ya kwamba nimeliona pengo lako.

Kuna jambo jingine. Ulipopigiwa simu Jumanne tulikuwa wawili tu chumbani. Ulisema, "Nilimwambia nakuja Ijumaa." Kisha ukarudia. Naogopa kwamba sentensi hiyo inakuzunguka usiku, kwa hiyo niruhusu nikuambie nilichokiona mimi ninayekaa meza ya jirani. Kila Ijumaa saa kumi na moja ulikuwa ukitoka na mfuko wa dawa zake za presha na mkate, ukikimbilia gari la njia ya Iringa kabla giza halijaingia. Hata ile wiki ya ukaguzi, tulipokuwa tunalala na mafaili, ulikwenda. Ijumaa moja haikuwahi. Zile nyingine zote alikuona ukiingia mlangoni, na alikuwa anajua siku ya kukaa nje kukusubiri.

Mambo ya kazi yasikuguse. Vocha za mwisho wa mwezi nimezichukua, na zile barua mbili za wilayani nimezijibu jana. Kompyuta yako isifunguliwe hata kwa dakika tano. Rambirambi za ofisi anakusanya mhasibu, daftari liko kwake, atamkabidhi kaka yako mkubwa ili wewe usihesabu pesa za watu msibani. Gari litatoka na wafanyakazi Jumamosi saa moja asubuhi.

Mimi sitalisubiri. Nakuja kesho Ijumaa jioni, kwa gari lile lile ulilokuwa unapanda. Nitalala huko na akina mama, nitachota maji, nitapepeta mchele, nitafanya nitakachopewa. Mtoto wako Baraka akimaliza mtihani wake kesho mchana nitampitia shuleni nije naye. Shangazi yake ameshanitajia nguo za kumfungia.

Usijikaze kwa ajili yetu. Ukitaka kulia nitakaa karibu nawe, na ukitaka kunyamaza nitakaa vilevile. Hata matanga yakishaanuliwa na watu wakarudi makwao, na wewe ukarudi mezani kwako, siku utakayotaka kumtaja Mzee, mtaje tu, hata katikati ya kazi. Mimi nilimjua kwa nusu saa. Ningependa sana kusikia mengine kutoka kwako.

Ujumbe huu usikuhangaishe kuujibu. Mwenyezi Mungu ampokee Mzee wetu kwa upole ule ule aliotupokea nao yeye siku ile ofisini kwetu.

Kesho jioni nitakuwa hapo.

Mdogo wako,
Zuhura