Sola Niliyolipia Si Sola Iliyoko Paani

Duka la Maziwa na Vinywaji Baridi
Umoja, Nairobi
21 Julai 2025

Kwa fundi mkuu aliyenifungia sola

Ndugu fundi,

KUH: MFUMO WA SOLA UNAOTOA UMEME PUNGUFU KULIKO ULIOANDIKWA KWENYE KWOTESHINI

Salamu. Nimekupigia simu mara nyingi tangu Mei, na kila mara jibu ni lile lile: "Mama, subiri jua litoke." Jua limetoka na kutua mara nyingi, na hali ya duka langu ni ile ile. Sasa nakuandikia, ili tusiendelee kubishana kwa maneno ya simu ambayo kesho kila mtu anayakumbuka kwa namna yake.

Kwoteshini yako ya 14 Januari ninayo hapa mezani, yenye muhuri wako. Umeandika paneli 6 za wati 550, yaani kilowati 3.3, inverta moja, na betri ya lithiamu ya uniti 5. Chini yake, kwa kalamu yako mwenyewe, umeongeza: "uniti 14 kwa siku, wastani wa mwaka." Bei ni shilingi 385,000. Nimeshakulipa 350,000. Sikununua vioo vya kupamba mabati. Nilinunua zile uniti 14, kwa sababu friza mbili, friji ya soda, mashine ya maziwa, taa na tivi vinakula kama uniti 12 kwa siku, na wewe ndiye uliyepiga hesabu hiyo ukiwa umesimama kwenye kaunta yangu.

Mimi ni mtu wa daftari. Yeyote anayenidai au ninayemdai hapa Umoja anajua. Tangu mlipomaliza kazi 4 Februari, kila jioni saa moja, kabla ya kuhesabu pesa, nimesoma kwenye kioo cha inverta ile namba ya E-Today, yaani uniti zilizozalishwa siku hiyo, na kuiandika, pamoja na asilimia ya betri. Februari na Machi wastani ulikuwa uniti 11.2 kwa siku. Hapo nilinyamaza, nikasema labda mfumo bado mgeni. Aprili ikawa 9.8, Mei 8.3, Juni 6.9. Mwezi huu hadi jana ni 6.6. Hiyo haifiki nusu ya kile ulichoandika.

Najua utakachosema, kwa hiyo nikujibu mapema.

Utasema Juni na Julai Nairobi ni mawingu. Ni kweli, nami nimezaliwa hapa, sihitaji kuambiwa kwamba miezi hii mtu anaweza kukaa siku tatu bila kuona kivuli chake. Ndiyo maana nimekupunguzia robo nzima kwa ajili ya mawingu. Ukitoa robo kwenye 14 unabaki na 10 na nusu. Ziko wapi hizo nyingine? Na Machi, jua likiwa utosini, anga jeupe, sikuwahi kuona 14 hata siku moja. Saa sita mchana ya 16 Machi, betri ikiwa bado inakula chaji na friza zote zikivuma, nilisimama mbele ya inverta na namba kubwa kuliko zote niliyoiona ilikuwa wati 2,310.

Kijana wako aliyepokea simu Juni aliniambia ni baridi inayopunguza nguvu za paneli. Tafadhali mwelimishe. Kinachopunguza nguvu za paneli ni joto: hupoteza karibu theluthi moja ya asilimia kwa kila digrii inayozidi 25. Baridi yenyewe huisaidia paneli. Ubaya wa Juni ni wingu. Kama mtu anayefunga sola hajui hilo, mimi muuza maziwa nifanyeje?

Utasema pia kwamba inverta hurekodi kidogo kama matumizi ni madogo na betri imejaa. Hilo nalo nimelijua, na nimelitoa kwenye hesabu. 25 Juni na 7 Julai sikufungua duka kwa sababu ya maandamano, namba zilikuwa chini sana, na siku hizo mbili sikuziweka kwenye wastani. Siku nyingine zote za Juni betri haikuwahi kufika 100 ifikapo saa kumi na moja jioni. Mara nyingi ilikuwa kati ya 55 na 70. Mtu mwenye njaa hasemwi kwamba ameacha chakula.

Na vumbi? Paneli zimeoshwa kila Jumapili ya pili.

Mwezi huu nilichoka kukisia nikamwita fundi mwingine mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati, apande juu. Nilimlipa kwa mkono wangu, na nilimshikia ngazi. Alikaa paani asubuhi hadi saa tisa, si zile dakika ishirini mlizokaa nyinyi siku ya kukagua. Alishuka na mambo mawili, na picha zake ziko kwenye simu yangu.

La kwanza limeniuma kuliko yote. Paneli 4 zina kibandiko cha wati 550 mgongoni. Mbili za upande wa tangi zimeandikwa wati 450. Jumla ni 3,100, si 3,300. Ungesema ni tofauti ya wati 200 tu, lakini wewe ni fundi, unajua zaidi ya hapo. Zote 6 mmezifunga kwenye laini moja, mkondo mmoja ukipita katika zote, na hizo ndogo haziwezi kupitisha ampea ambazo zile kubwa zinapitisha. Kwa hiyo zile nne nilizozilipia kwa bei ya 550 zinatembea mwendo wa hizi mbili, kama matatu mpya iliyokwama nyuma ya mkokoteni Jogoo Road. Sijui kama hizo mbili zilitoka kwenye kazi nyingine au zilichanganywa stoo kwa bahati mbaya. Najua tu kwamba risiti yangu haisemi 450 popote, na kwamba anayepanda ngazi na paneli mgongoni anaona kibandiko chake.

La pili ni kivuli. Mlikuja kukagua Januari asubuhi, wakati jua liko upande wa kusini, mkaangalia lile ghorofa la jirani upande wa kaskazini-magharibi mkasema halina shida. Januari kweli halikuwa na shida. Lakini kuanzia mwisho wa Machi jua huhamia kaskazini, na Juni linatua nyuma ya ghorofa lile lile. Sasa hivi kivuli kinagusa paneli ya kwanza saa nane na robo mchana. Tulisimama mbele ya inverta na yule fundi siku iliyokuwa na jua safi: saa nane kamili ilisoma wati 1,720, saa nane na nusu ikasoma 640. Mchana wote uliobaki umekwenda. Ghorofa halikujengwa baada ya nyinyi kuja. Lilikuwepo, lina wapangaji na nguo zimeanikwa. Jua kuhama si siri ya wanasayansi, hata bibi yangu alijua nyumba inapata jua upande gani mwezi gani.

Nikueleze hasara kwa ufupi, maana sitaki kulia kwenye barua. Kabla ya sola nilikuwa nanunua tokeni za kama shilingi 9,500 kwa mwezi. Uliniahidi zitashuka chini ya 1,200. Juni nimenunua za 4,860. Na usiku wa 11 Julai stima ilipotea mtaa mzima kuanzia saa tatu. Betri ilikuwa imeanza usiku na asilimia 58, ikazima saa nane za usiku. Stima ilirudi karibu saa tatu asubuhi. Lita 60 za maziwa zilikuwa zimeganda, nikazimwaga mbele ya wateja wanaosubiri na vikombe. Kama betri ingekuwa imejaa jioni kama ulivyoahidi, ingevuka hadi alfajiri, na labda ningenusuru sehemu kubwa. Wateja wengine wamehamia kwa jirani. Hao siwezi kukutoza, lakini ujue.

Ninachotaka ni hiki. Ndani ya siku 14 tangu upokee barua hii, uje mwenyewe, si kijana wako. Upande juu pamoja na yule fundi wangu, msome vibandiko pamoja. Hizo paneli mbili za 450 ziondolewe, ziletwe za 550 za aina moja na zile nne, kwa gharama yako. Kisha paneli zote zihamishiwe upande wa mashariki wa paa, ambako fundi amepima akasema zinaenea na kivuli hakifiki kabla ya saa kumi. Mwenye plot nimeshazungumza naye, amekubali. Baada ya hapo tusome inverta siku kumi za kazi, mimi na wewe tukiandika kwenye daftari moja. Ikitoa uniti 10 kwa msimu huu wa mawingu, mimi sina neno tena. Sidai 14 mwezi wa Julai, huo ungekuwa uonevu.

Ile 35,000 iliyobaki naizuia mpaka kazi hiyo iishe. Ipo, haijaliwa, na siku inverta itakaposoma sawa nitakutumia kwa M-Pesa hapo hapo kabla hujafunga boksi la spana. Kama huwezi kuhamisha wala kubadilisha, basi nirudishie shilingi 120,000 tuvunje deni, nami nitatafuta wa kumalizia.

Naomba pia namba yako ya leseni ya EPRA na daraja lake. Niliiomba Februari ukasema iko ofisini. Nadhani kufikia sasa imeshapatikana.

Siku 14 zikipita kimya nitapeleka malalamiko EPRA, kisha niende Mahakama ya Madai Madogo pale Milimani, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja. Dai langu linaenea humo bila shida. Nitabeba kwoteshini, risiti, picha za vibandiko na daftari. Sipendi kufika huko. Ulipendekezwa kwangu na mwenzangu wa chama, na yeye bado unamfungia kazi, na kila mkutano ananiuliza sola inaendeleaje. Mwezi uliopita nilimwambia "inaendelea." Mkutano ujao ni 10 Agosti.

Nakala ya barua hii nimeituma kwa WhatsApp pamoja na kurasa za daftari kuanzia Februari. Hii ya karatasi inaletwa na mwanangu, naye atakuomba utie sahihi kwamba umeipokea.

Ukija, njoo kabla ya saa nane mchana, ukae mpaka saa tisa, ili uone kivuli kikifika kwa macho yako. Ngazi ipo, na chai itakuwepo.

Wako,

Mama Shiru
Mwenye duka