Barua ya shukrani kwa wifi yangu wa Bombo

Arua, 17 Novemba 2024

Wifi yangu mpendwa,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe pamoja na baba watoto na vijana wote. Sisi huku hatujambo. Mama anaendelea vizuri. Juzi tulimpeleka hospitali ya rufaa, presha yake ilikuwa imeshuka, na daktari akatuambia tuendelee na dawa zilezile. Anakula, analalamika kwamba chumvi ni kidogo, na jioni anataka kiti chake kitolewe nje. Kwa hiyo juu yake usiwe na wasiwasi.

Nimechagua kukuandikia badala ya kukupigia simu kwa sababu nakujua. Ningeanza tu kushukuru, ungecheka, ungesema, "Yamekwisha hayo, nipe Mama nimsalimie," na maneno yangu yangebaki mdomoni. Barua huwezi kuikatiza, labda uikunje, nami nakuomba usiikunje kabla ya kufika mwisho.

Neno lenyewe lililotokea baina yetu sitalitaja. Wala sitakuomba radhi upya, kwa maana siku ile barazani uliniambia kwamba umesamehe na kwamba hutaki kulisikia tena, na mtu aliyekwisha kusamehewa akirudi kubisha hodi kwa jambo lilelile huwa kana kwamba hakumsadiki aliyemsamehe. Mimi nilikusadiki. Ninalotaka kulishukuru leo si kwamba ulisamehe tu, bali namna ulivyosamehe, kwa sababu nimewaona watu wanaosema wamesamehe kisha wakamwacha mwenzao miezi mingi akitembea nyumbani kwa kunyata, asijue akae wapi wala aseme nini. Wewe hukuniacha hivyo hata kwa siku moja.

Nakumbuka ulivyofika. Tangu daraja la Karuma lilipofungwa mwezi wa Septemba kwa ajili ya matengenezo, safari ya kuja huku imekuwa ndefu ya kuchosha, na mabasi yanazunguka mbali, hivi kwamba hakuna ambaye angekulaumu kama ungengoja mpaka barabara ifunguliwe. Hukungoja. Tena uliposhuka kwenye bodaboda, huku nikiwa nimekwisha kutandika kitambaa kipya sebuleni na kupanga vikombe vya wageni, ulizunguka nyuma ukaingia kwa mlango wa jikoni, ukauweka mfuko wako juu ya gunia la mihogo, ukavuta kigoda, na kuanza kuchambua sombe niliyokuwa nimeiacha kwenye beseni. Uliniuliza kama karanga zimekwisha kusagwa. Ni hilo tu ulilouliza. Sidhani kama ulitambua, wifi, kwamba mikono yangu ilikuwa ikitetemeka, na kwamba swali lile la karanga ndilo lililoituliza. Mgeni huingizwa sebuleni na kupewa soda. Anayeingia kwa mlango wa jikoni ni mwenye nyumba, na ulipoingia kwa mlango huo nilijua kwamba bado tu watu wa nyumba moja.

Jambo la pili ninalolishukuru ni zito zaidi, nami nimelifikiria sana tangu uondoke. Siku ile majirani walipokuja kumjulia Mama hali, baadhi yao walikuwa wale ambao sauti zetu ziliwafikia wakati ule, na nilihisi kwamba wanatutazama kwa zamu, mara wewe, mara mimi. Yule mama wa nyumba ya pili alipokuuliza wewe kuhusu dawa za Mama, kwa kuwa wewe ndiye binti mkubwa, ungeweza kumjibu mwenyewe, na ingekuwa haki yako. Badala yake ulisema, mbele ya wote, "Mwulizeni wifi yangu, yeye ndiye anayezijua dawa za Mama na saa zake." Ulisema kwa sauti ya kawaida, bila kunitazama, kisha ukaendelea kumenya chungwa. Kwa sentensi hiyo moja ulinirudishia heshima palepale ilipokuwa imeanguka, na mbele ya walewale walioiona ikianguka. Wapo wanaosamehe chumbani kwa siri na kumwacha mtu na aibu yake hadharani. Wewe ulijua, bila kuambiwa na mtu, kwamba hilo lilihitaji kusikiwa na majirani.

Kaka yako pia anakushukuru, ingawa unamjua, yeye hataandika. Nimetambua kwamba hukumweka katikati. Hukumwita pembeni kumpa malalamiko, hukumtaka achague baina ya dada na mke, na ulipokuwa ukiongea naye usiku mlikuwa mkicheka habari za utotoni. Ndoa ya mtu huweza kutikiswa na neno dogo la dada, na wewe ulilizuia neno hilo. Ametulia, na nyumba imetulia.

Sitakuahidi makubwa, kwa sababu ahadi kubwa zinazotolewa baada ya mambo kama haya huwa mzigo kwa anayeahidi na kwa anayeahidiwa. Lakini kuna moja dogo ambalo nimelianza, nami ningependa liwe desturi yetu: kila Mama anaporudi kutoka kliniki, nitakupigia siku hiyohiyo, kabla ya mtu mwingine yeyote, nikueleze daktari amesema nini na dawa zipi zimebaki, ili usiwe ukisikia habari za mama yako kupitia kwa watu wengine. Na ukiwa na shauri juu ya matunzo yake, niambie mimi moja kwa moja, hata kama ni usiku. Nitalipokea.

Nimekutumia mzigo mdogo kwa basi la usiku wa Jumanne. Kuna dumu la asali na kopo la ufuta uliosagwa, ule unaoupenda kuutia kwenye mboga. Nakuomba usivihesabu kuwa malipo ya kitu chochote. Ni vitu ambavyo ningekuletea hata kama mwaka huu ungepita bila tukio lolote, na wewe mwenyewe unajua kwamba huku asali ni nafuu kuliko huko. Nimemwomba kondakta akushushie pale Bombo kandokando ya barabara kuu, usilazimike kuufuata Kampala. Atakupigia simu basi likikaribia, lakini kwa mzunguko huu wa sasa hawezi kusema saa kamili, basi umtume kijana mmoja asubuhi akae na simu iliyo na chaji.

Kuhusu lile kawa la kufunikia chakula ulilolianza hapa ukaniachia nilimalizie, nimefika kwenye ukingo, na kusema kweli safu zangu si nyembamba kama zako. Mama amezitazama akasema anayejua ataona zilipobadilika mikono. Uzi wa zambarau umeniishia, na hapa sokoni nimepata ule uliofifia tu. Ukipata wa rangi ileile huko, nunua fundo moja, umpe kondakta huyohuyo anaporudi, nami nitakutumia pesa kwa simu.

Mama anakusalimu sana na anauliza utakuja lini. Nimemwambia ni daraja litakaloamua. Watoto wanakusalimu, na mdogo amesisitiza niandike kwamba jino lake limeng'oka.

Wasalaam,

Wifi yako akupendaye,
Mama Watoto wa Arua