Maswali ya mpira wa puani, jipime kabla ya pepa

Haya wenzangu wa Mwanza mnaojiandaa na pepa, maswali matatu ya mpira wa kulishia puani, jibu kwanza ndo ushuke kwenye maelezo.

Swali la 1. Mvuvi wa Igombe, miaka 68, kapata kiharusi, hawezi kumeza. Umemwekea mpira sasa hivi na ndugu wameshaleta uji. Kipi kinathibitisha vizuri zaidi kwamba mpira uko tumboni?
A. Kusukuma hewa kwa sirinji ukisikiliza tumbo kwa stetoskopu
B. Kuchovya ncha ya nje kwenye maji uone mapovu
C. Eksirei
D. Mgonjwa hakohoi

Jibu ni C. A ndo inaangusha wengi kwa sababu wodini unaikuta inafanyika kila siku, ila mlio wa hewa unasafiri, mpira ukiwa kwenye njia ya hewa au umeishia kooni bado unaweza kusikia kitu juu ya tumbo ukaridhika. D naiogopa kuliko zote, mtu wa kiharusi kikohozi chake kimelegea, uji unaingia mapafuni kimya kimya halafu kesho homa na nimonia. Swali likisema kabla ya kila mlo, pale kitandani, chagua kupima pH ya majimaji uliyovuta, iwe 5.5 au chini, na alama ya mpira puani iwe palepale.

Swali la 2. Siku ya tatu, anatumia omeprazo, pH ni 6, na alama imetoka nje sm 8. Unaanza na lipi?
A. Unalisha polepole
B. Unapitisha maji ml 30
C. Unazuia mlo, unamwita daktari, mnapanga eksirei
D. Unausukuma mpira urudi kwenye alama halafu unalisha

C tena. Omeprazo inapandisha pH kwa hiyo 6 peke yake ingekuacha njia panda, lakini mpira umetoka sm 8 jamani, hapo hata maji usiweke.

Swali la 3 (alama 5). Katikati ya mlo anapaliwa, midomo inakuwa bluu. Eleza utakachofanya kwa mpangilio.

Kwanza kabisa simamisha mlo, ukianza na oksijeni huku uji unaendelea kushuka umepoteza alama na kwa mgonjwa halisi umepoteza zaidi ya alama. Halafu mgeuze ubavu, safisha njia ya hewa kwa sakshen, mpe oksijeni, ita msaada, angalia oksimita na usikilize mapafu, kisha andika kwenye faili.

Wakiongeza "ungezuiaje", kichwa cha kitanda nyuzi 30 hadi 45 wakati wa mlo na abaki hivyo dakika 30 mpaka 60 baada ya hapo, na ukitaka kumlaza ubadilishe shuka simamisha mlo kwanza, na hili waelezeni ndugu pia maana mara nyingi wao ndo wanabaki naye usiku.