Kikao cha wakazi Jumamosi: tutaanza saa 4:00 kamili, na atakayechelewa atasimuliwa yaliyompita

Majirani wapendwa,

Salaam kwenu nyote. Wazee wetu, shikamooni.

Kikao chetu cha wakazi kitafanyika Jumamosi, tarehe 14 Machi, katika ukumbi wa chini wa jengo letu. Tutaanza saa 4:00 kamili asubuhi na kufunga saa 5:30. Ukumbi utakuwa wazi tangu saa 3:40 kwa anayependa kuwahi, kusaini daftari la mahudhurio na kusalimiana na wenzake bila haraka. Kwa wanaotazama saa ya simu, muda wa kuanza utasomeka 10:00. Naeleza hivi kwa sababu tangazo la mwezi uliopita niliandika 10:00 pekee, bila neno asubuhi, na jirani yetu mmoja akaelewa ni saa kumi jioni. Alifika akakuta ukumbi umefungwa kwa kufuli. Kosa lilikuwa langu, nilikwenda kumwomba radhi, na safari hii sitaki limpate mwingine.

Nina ombi moja ambalo nitalieleza kwa kirefu kidogo, maana likisemwa kwa mkato linaweza kumchoma mtu bila kukusudia.

Jumamosi tutafungua kikao saa 4:00 hata kama viti havijajaa. Atakayefika baadaye ataingia, ataketi, na tutaendelea naye kuanzia pale tulipofika. Yale yaliyompita atasimuliwa baada ya kikao kufungwa, kwa utulivu na kwa ukamilifu. Hatutarudi nyuma katikati ya mazungumzo.

Utaratibu huu hautokani na hasira, wala haumlengi mtu yeyote. Umetokana na mambo mawili ambayo mimi kama katibu nimeyaona, na yote mawili yameniuma.

La kwanza ni la mzee wetu wa ghorofa ya tatu. Mwezi uliopita alikuwa wa kwanza kuingia ukumbini, saa 3:45, na karatasi yake mkononi ameorodhesha mahali pote ambapo maji yanavuja kwake. Tulianza saa 4:35. Tulipoifikia ajenda yake kiti chake kilikuwa kitupu; alikuwa na miadi ya kliniki na hakuweza kusubiri zaidi. Yule aliyewahi kuliko sisi sote ndiye aliyeondoka bila kusikilizwa, na maji yakaendelea kuvuja mwezi mzima. Siku ile tulikuwa watu 18 tuliokaa tukisubiri kwa dakika 35. Ukizijumlisha dakika za wote, ni saa 10 na nusu. Humo mna mtu aliyekatisha usingizi wake, aliyeacha mgonjwa nyumbani, aliyeomba ruhusa kazini. Ngojangoja ile iliwaumiza watu ambao walikuwa wamefanya yote tuliyowaomba.

La pili ni la dada mmoja ambaye nilimuuliza kwa nini siku hizi simwoni vikaoni. Aliniambia kwamba mara ya mwisho alichelewa dakika 15, mtoto yuko mgongoni. Mwenyekiti alisimamisha mazungumzo ili amkaribishe na kumweleza tulipofika, na watu wote wakageuka kumtazama. Mwenyekiti alikusudia heshima, lakini yeye alitamani ardhi ipasuke immeze. Tangu siku hiyo, akiona amechelewa hata kidogo, hubaki nyumbani. Kwa hiyo kule kusimama na kurudia, ambako tulidhani ni ukarimu, kumemfukuza jirani yetu. Mtu akiingia na mazungumzo yakaendelea, anapata nafasi ya kukaa, kupumua na kusikiliza kabla hajatazamwa na yeyote.

Kuna na hasara nyingine ya kurudia. Suala la ulinzi wa geti tulilieleza mara tatu katika kikao kimoja, na kila mara maelezo yalibadilika kidogo. Mwishoni waliofika mwanzo walikuwa wanabishana na waliofika mwisho kuhusu kilichokubaliwa, na kila upande ulikuwa na haki. Afadhali kueleza mara moja, tena kutoka kwenye maandishi.

Sasa niseme jinsi itakavyokuwa.

Ukifika baada ya saa 4:00, tumia mlango wa nyuma. Safu ya mwisho ya viti itaachwa wazi kwa ajili yako; tunaowahi tutakaa mbele, tafadhalini tusiijaze. Juu ya kila kiti utakuta karatasi ya ajenda, na ubaoni kutakuwa na mshale unaoonyesha tuko kwenye ajenda ya ngapi, hivyo hutahitaji kumuuliza jirani kwa kunong'ona. Kusalimia kwa kuinua mkono kunatosha. Huna haja ya kuomba radhi wala kueleza kilichokuchelewesha. Daftari utalisaini mwishoni.

Kikao kikifungwa saa 5:30, mimi na mjumbe wa ghorofa ya kwanza tutabaki kwenye meza iliyo karibu na dirisha hadi saa 5:50. Hapo nitasoma kutoka kwenye kumbukumbu nilizoandika: kipi kilisemwa, kipi kimeamuliwa, nani amepewa kazi gani na aimalize lini. Uliza kila unachotaka. Ukiwa na hoja ambayo ingefaa isikike mapema, nitaiandika siku hiyo hiyo na itaingia kwenye yatokanayo ya kikao kijacho. Asiyeweza kubaki atapata muhtasari kwenye kundi letu la simu kabla ya saa 2:00 usiku. Nakala iliyochapwa nitaibandika kwenye ubao wa matangazo karibu na ngazi, na wale ambao maandishi madogo yanawasumbua nitawapitia Jumapili nyumbani kwao niwasomee. Kumbukumbu kamili zitatoka ndani ya wiki moja.

Najua wengi mtauliza kuhusu kura ya matengenezo ya paa, na ni haki yenu, kwa kuwa ni uamuzi unaogusa mfuko wa kila nyumba. Kura hiyo haitapigwa mwanzoni. Tumeipangia saa 4:50, na hatutaipiga kabla ya hapo hata tukimaliza mengine mapema. Kila nyumba ina kura moja, na mtu mzima yeyote wa nyumba hiyo anaweza kuipiga, kwa hiyo mkiona mmoja wenu atachelewa, mwingine atangulie. Kura ikishahesabiwa haitarudiwa siku hiyo. Lakini atakayekuta imekwisha na ana neno zito la kusema, aliandike au aje nimwandikie, na kamati itamjibu kwa maandishi ndani ya siku 7. Hilo naliahidi kwa niaba ya wenzangu, na wamekubali.

Pengine mtasema: je, saa 4:00 ikifika na tuko wachache mno? Kanuni zetu zinataka nyumba 12 kati ya 36 ziwe na mwakilishi ndipo kikao kiweze kuamua jambo. Kama akidi haijatimia, tutaanza na yasiyohitaji uamuzi, yaani kusoma kumbukumbu za kikao kilichopita, taarifa ya katibu na taarifa ya mapato na matumizi. Kuthibitisha kumbukumbu na kupiga kura kutasubiri mpaka nyumba 12 zitimie. Baada ya taarifa itafuata ajenda ya mabomba yanayovuja, ambayo tumeileta juu ili mzee wetu asiondoke tena kabla ya zamu yake, kisha paa, kisha taka na maegesho, na mengineyo.

Wapo kati yetu wanaotoka zamu ya usiku. Wawili wameshanieleza kwamba kwa vyovyote hawawezi kufika kabla ya saa 4:20. Nimewajibu, na nawajibu wengine walio katika hali kama hiyo: njooni. Wahenga walisema kawia ufike, na viti vile vya nyuma vimewekwa kwa ajili hiyo. Kama unajua mapema kwamba utachelewa na kuna jambo moja ambalo usingependa likupite, nitumie ujumbe kabla ya Alhamisi jioni au pitia nyumba namba 7. Ajenda ya taka na maegesho ninaweza kuisogeza bila kumuumiza mtu mwingine.

Kwa ninyi mnaowahi kila mara, nina ombi pia, na nalitoa kwa moyo wote. Jirani akiingia amechelewa, tusimgeukie, tusitazame saa, tusimtanie kwamba leo amelala. Utani ule hutoka kwa upendo, ila aliyechelewa hajui kama ni utani, hasa kama asubuhi yake ilikuwa ngumu. Endelea kusikiliza anayezungumza. Mkimaliza, mpe mkono.

Na sisi wa kamati tumejiwekea masharti yale yale. Mimi na mweka hazina tutakuwa ukumbini saa 3:30 kupanga viti. Mwenyekiti akipata dharura, makamu wake atafungua kikao saa 4:00, na mwenyekiti atakapofika naye ataketi nyuma hadi ajenda inayoendelea iishe. Tutafunga saa 5:30 kama tulivyosema. Lisilokwisha litahamia kikao kijacho, kwa sababu mtu tuliyemwomba awahi kwa saa yetu anastahili pia kuondoka kwa saa tuliyompa.

Wenye watoto wadogo, njooni nao. Chumba kidogo kando ya ukumbi kitakuwa na mkeka na vitabu vya picha, na vijana wawili wa ghorofa ya pili wamejitolea kukaa nao. Mlango wake utaachwa wazi ili mtoto akilia mzazi asikie.

Asanteni kwa kusoma hadi hapa. Karibuni sana Jumamosi, na yeyote ambaye utaratibu huu unamtatiza kwa sababu ambayo sikuifikiria, anigongee mlango kabla ya siku hiyo tuone la kufanya.

Jirani yenu,
Katibu wa Kamati ya Wakazi
Nyumba namba 7, ghorofa ya pili