Ee Mlinzi, Kumekucha?

Wimbo wa Majilio kwa kwaya ya kigango chetu cha Umatengo, kuanzia Novemba 29 hadi Desemba 20, 2026. Kila Dominika ziimbwe beti mbili, wakati mshumaa wa Dominika hiyo unapowashwa, na waamini wote waitikie kiitikio kila ubeti unapokwisha. Tunawaomba waimbaji wasiukimbize wimbo huu, kwa kuwa anayengoja alfajiri hawezi kuiharakisha, na ngoma zinyamaze kabisa hadi Dominika ya tatu, utakapowashwa mshumaa wa rangi ya waridi.

Kiitikio
Mlinzi uliye juu, dunguni, tupe habari:
je, imeanza kupanda ile nyota ya fahari?
Tumekesha, twamngoja Bwana wetu, twasubiri,
kupita walinzi wote wangojao alfajiri.

1
Mvua zimeshanyesha, mito imeanza kwenda,
na mtu yuko dunguni, shamba lake akilinda,
nguruwe wasifukue punje alizozipanda;
moto wake ni makaa, kiza bado kimetanda.

2
Hana saa mkononi, husikiza akiwika
jogoo wa bonde lile, na la pili likifika
huutazama mlima weusi ukiutoka,
hata aione njia ya nyumbani ikizuka.

3
Ndivyo walivyokungoja, Bwana, wazee wa kale,
Isaya aliyeona nuru ing'aayo mbele,
na aliyenyimwa neno, Zakaria, bubu yule,
akaimba ule mwanga utokao juu kule.

4
Paulo aliandika usingizi ututoke,
kwa kuwa usiku mwingi umepita, tuondoke,
tuvue mambo ya giza, nuru yake tujivike,
tumsamehe jirani, deni lake tulizike.

5
Yohane hakuwa nuru, wala hilo hakudai;
alikuwa ni jogoo awikaye, hakinai.
Nyikani akatamka ya kuwa yeye hafai
kukifungua kiatu chake aliye Uhai.

6
Wako wangojao leo wodini, wasiolala,
mama ashikaye tama, mwana akikosa kula,
baba aliye safari, asiyepata mahala;
wazukie hao kwanza, kabla yetu sisi, Mola.

7
Naye Bikira Maria alipanda milimani
akiwa ameyabeba mapambazuko tumboni;
Elizabeti kajua kwa mtoto wake ndani,
aliyeruka kwa shangwe kabla ya jua angani.

8
Tumewasha mishumaa minne, imetimia;
wa kwanza umeshakuwa kipande cha kuishia,
na mlinzi ameshuka ngazi, kuja kutwambia
kwamba mashariki kule weupe umeingia.