Maji ya kunywa yafunikwe

Wazee wangu shikamooni, ndugu zangu wa Chanika habari za asubuhi. Jua ni kali, sitawachosha.

Maji ukishayatia dawa, ukasubiri nusu saa, yako salama. Lakini ndoo ikikaa wazi, klorini inapotea hewani, nguvu inakwisha. Mtoto katoka chooni, kachovya kikombe, vidole vyote ndani. Hapo dawa imetusaidia nini? Kipindupindu Dar tunakijua.

Basi dumu lenye mdomo mwembamba na kifuniko chake, au ndoo yenye koki. Huna koki? Kata yenye mpini mrefu, itundikwe ukutani. Na kitambaa cha kanga, mama zangu, si kifuniko, vumbi linapita.

Jumamosi kamati tutapita nyumba kwa nyumba.