Barua ya kuwasilisha upya mswada wa mazuku

Goma, tarehe 9 Oktoba 2023

Kwa Mheshimiwa Mhariri Mkuu,

Pamoja na barua hii ninakuletea mswada wetu uliorekebishwa kuhusu mifuko ya gesi ya kabonidioksaidi inayotuama mabondeni, «Mazuku kati ya Goma na Sake: dalili zinazotambuliwa na wakazi na vipimo vya hewa», mliotutaka tuupange upya baada ya maoni ya wahakiki wawili. Tunawashukuru wote wawili, hata pale walipotukera kidogo, kwa kuwa mara nyingi walikuwa na haki.

Badiliko kubwa limo katika sehemu ya tatu. Zamani matokeo na mjadala vilikuwa vimechanganywa, na msomaji hakuweza kujua kipi tulikipima wenyewe na kipi tulikisikia kwa wakulima. Sasa vipimo vimebaki sehemu ya tatu, ushuhuda wa wakazi umehamia sehemu ya nne, na mjadala unaanza katika sehemu ya tano. Masimulizi ya mlipuko wa Nyiragongo wa tarehe 22 Mei 2021, ambayo yalijaza kurasa mbili, tumeyafupisha hadi aya moja, maana lava ni hatari nyingine, na mazuku yalikuwapo kabla ya mlipuko huo.

Mhakiki wa pili aliuliza kwa nini vipimo vya jedwali la 2 havilingani na maelezo. Tulipofungua tena daftari za uwandani, tuligundua kosa letu: safu mbili za kimo zilikuwa zimebadilishana, ile ya sentimita 10 kutoka ardhini na ile ya sentimita 150. Si jambo dogo, kwa sababu kabonidioksaidi ni nzito kuliko hewa, hutuama mabondeni usiku usio na upepo, na alfajiri mbuzi au mtoto aliyeinama huivuta kabla ya mtu mzima aliyesimama wima. Jedwali limesahihishwa, na sentensi zote zilizolitegemea zimeandikwa upya. Kielelezo cha 4, kinachoonyesha kuku aliyekufa ukingoni mwa shamba la maharage, sasa kinataja saa ya kupigwa picha.

Pendekezo moja hatukulikubali. Mhakiki wa kwanza alitaka neno «mazuku» liondolewe na badala yake tuandike «mifuko ya gesi». Neno hilo ndilo wanalolitumia wakazi wanapoonyana, na wataalamu wa volkeno nao wamelipokea; tumeongeza tu ufafanuzi wake mwanzoni mwa utangulizi.

Muhtasari na ramani vimerekebishwa kufuata mpangilio mpya. Majibu yetu kwa kila hoja yamo katika hati ya pili, na nakala ya tatu inaonyesha mabadiliko kwa rangi. Waandishi wote wanne wameusoma na kuukubali mswada huu, nao haujapelekwa kwa jarida lingine lolote.

Kwa heshima kubwa,

Mwandishi wa mawasiliano, kwa niaba ya wenzangu watatu